Sabuni, kitakasa mikono au maandalizi ya upasuaji: barua kwa watumishi wapya wa wodi

Ndugu watumishi wapya,

Wodini mtakuta njia tatu za kusafisha mikono. Kuna sinki lenye maji ya bomba na sabuni. Kuna chupa ya kitakasa mikono chenye alkoholi kwenye kitanda au toroli. Na kwenye chumba cha upasuaji kuna maandalizi marefu ya mikono, yanayofanywa kwa klorheksidini au kwa alkoholi. Wengi hutumia kilicho karibu, au kile walichozoea chuoni. Ninaomba mchague kwa kigezo kingine: je, bakteria ninayetaka kumwondoa ni mkazi wa ngozi yangu, au ni mpita njia niliyemwokota sasa hivi? Ukishalijibu hilo, uchaguzi unakuwa rahisi, na unajua pia njia uliyochagua inaishia wapi.

Wakazi na wapita njia

Mgawanyo huu ulielezwa mwaka 1938 na daktari wa upasuaji wa Marekani, Philip Price. Mikono ilisuguliwa kwenye mabeseni ya maji safi, moja baada ya jingine, kisha bakteria wakahesabiwa katika kila beseni. Kundi moja lilitoka upesi kwenye mabeseni ya mwanzo. Jingine liliendelea kutoka kidogo kidogo, beseni baada ya beseni, na halikwisha.

Hao wasiokwisha ndio wakazi. Wanaishi katikati ya seli kavu za tabaka la juu la ngozi, na kwenye matundu ya vinyweleo na tezi za mafuta. Wengi wao ni stafilokokasi epidemidisi na ndugu zake, pamoja na korinebakteria. Wanakula jasho na mafuta ya ngozi, na kwa kuishika nafasi hiyo wanawazuia wengine kuweka makao. Kwenye ngozi isiyo na jeraha hawana shida na mtu. Wanakuwa hatari wakiingizwa mahali pasipokuwa pao: kwenye mshipa kupitia kanula, kwenye kiungo bandia, au kwenye jeraha la upasuaji.

Wapita njia wako juu tu, kwenye utando mwembamba wa mafuta, jasho na uchafu. Unawaokota kwa kugusa mgonjwa, reli ya kitanda, mfuko wa mkojo, pazia au simu yako. Hapa ndipo walipo stafilokokasi aureasi, E. koli, Klebsiela, Sudomonasi na Asinetobakta. Kwa kawaida hawaongezeki kwenye ngozi nzima, lakini wanaweza kuishi humo kwa dakika kadhaa hadi saa kadhaa, na kwa mfanyakazi wa wodi muda huo unatosha kufika kitanda cha pili. Maambukizi mengi yanayotoka mgonjwa mmoja hadi mwingine hupitia kwao.

Msitarajie mikono isiyo na bakteria hata mmoja. Vipimo vilivyofanywa kwenye mikono ya watumishi wa afya vimewahi kukuta kuanzia takribani bakteria 40,000 hadi zaidi ya milioni 4 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kazi ya kila siku wodini ni kuwaondoa wapita njia. Kuwapunguza wakazi ni kazi nyingine, na ina mahali pake.

| | Sabuni na maji yanayotiririka | Kitakasa mikono chenye alkoholi | Maandalizi ya upasuaji |
|---|---|---|---|
| Muda | Sekunde 40 hadi 60, pamoja na kukausha | Sekunde 20 hadi 30 | Dakika kadhaa, kwa maelekezo ya dawa iliyopo |
| Wapita njia | Huwang'oa na kuwasafirisha | Huwaua wengi papo hapo | Huwaondoa |
| Wakazi | Hawaguswi sana | Walio juu hupungua kwa muda | Hupungua na kuchelewa kurudi |
| Inaposhindwa | Maji hayatiririki, au hakuna cha kukaushia | Mkono una uchafu unaoonekana. Mgonjwa ana kuhara kwa klostridia | Haina kazi kwenye mzunguko wa kawaida wa wodi |

Sabuni haiui, inang'oa

Sabuni ya kawaida haitegemei kuua. Molekuli yake ina ncha moja inayopenda mafuta na nyingine inayopenda maji. Mnaposugua, ncha za kwanza zinaingia kwenye utando wa mafuta, zinaukatakata kuwa vitone vidogo, na bakteria waliokaa juu yake wanabebwa pamoja nao. Maji yanayotiririka ndiyo yanayowaondoa kabisa. Kwa hiyo kusuuza ni nusu ya kazi, na kunawa kwenye beseni linalotumiwa na watu wengi kunarudisha mkononi kile ulichokwisha kung'oa. Siku bomba likikatika, tumieni ndoo yenye koki na beseni tupu chini yake. Msichovye mikono ndani ya ndoo.

Muda una uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika majaribio ambayo mikono ya watu waliojitolea ilipakwa bakteria kwa makusudi, kunawa kwa sabuni ya kawaida kwa sekunde 15 kulipunguza bakteria kwa mara 4 hadi 12 hivi. Kwa sekunde 30 kulipunguza kwa mara 60 hadi 600. Chukua mkono wenye wapita njia milioni moja: wa sekunde 15 unabaki na zaidi ya 80,000, na wa sekunde 30 unabaki na kati ya 1,700 na 17,000 hivi. Kunawa haraka haraka ukielekea chai kunaleta hisia ya usafi, lakini bakteria waliobaki bado ni wengi wa kutosha kumfikia mgonjwa.

Wakazi hawasogei sana kwa sabuni, kwa kuwa hawakukaa kwenye mafuta ya juu. Wako chini zaidi. Baada ya kunawa kwa sabuni ya kawaida idadi ya bakteria wanaohesabiwa kwenye ngozi inaweza hata kupanda, kwa sababu msuguano unapandisha juu baadhi ya waliokuwa wamejificha na kulegeza magamba ya ngozi yaliyowabeba. Si ishara kwamba umenawa vibaya.

Maji ya moto hayaongezi chochote cha maana. Joto ambalo mkono unaweza kulivumilia haliui bakteria, na linavua mafuta ya kinga ya ngozi. Maji ya uvuguvugu au ya baridi yanatosha. Kinachosahaulika zaidi ni kukausha: mkono mbichi unapokea na kutoa bakteria kwa urahisi zaidi kuliko mkavu. Tumia karatasi ya kukaushia ya mara moja, kisha funga koki kwa karatasi hiyohiyo, maana koki uliifungua kwa mkono mchafu. Taulo moja linaloning'inia siku nzima kando ya sinki ni njia ya kuwagawia wapita njia wodi nzima.

Sabuni ya maji nayo ina hatari yake. Msiongeze sabuni mpya juu ya iliyobaki chupani. Sudomonasi na Serashia huweza kuota kwenye mabaki hayo, na kila anayenawa akapakwa bakteria. Chupa ikiisha ioshwe, ikauke kabisa, ndipo ijazwe. Sabuni ya kipande inafaa ikiwa ndogo na imewekwa kwenye kikalio chenye matundu, maji yatoke.

Alkoholi inaua, lakini ina masharti

Alkoholi inavuruga protini za bakteria na kutoboa utando wa seli yake. Kwa kazi hiyo inahitaji maji kidogo, kwa sababu protini haivurugiki kirahisi pasipo maji. Ndiyo maana nguvu yake kubwa iko kati ya asilimia 60 na 80, na spiriti ya asilimia 96 inayotolewa moja kwa moja kwenye dumu la stoo si bora zaidi, hata kama inachoma pua zaidi.

Kwa sekunde 30, kwenye majaribio yaleyale ya mikono iliyopakwa bakteria, alkoholi ilipunguza wapita njia kwa wastani wa takribani mara 3,000. Ule mkono wa bakteria milioni moja unabaki na mia tatu hivi. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, linaweka kitakasa mikono kuwa chaguo la kwanza pale ambapo mikono haina uchafu unaoonekana. Sababu ya pili ni hatua za miguu: chupa iko kitandani, na sinki liko mwisho wa wodi. Nesi mwenye wagonjwa 20 hawezi kwenda sinkini kila anapogusa mgonjwa, na mpango unaomtaka afanye hivyo utavunjika saa ya kwanza ya zamu.

Hospitali nyingi hutengeneza kitakasa chao wenyewe kwa fomula ya shirika hilo. Kwa lita 10 inatumika ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, na gliserini ya asilimia 98 mililita 145. Kisha dumu linajazwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, au yaliyotoneshwa, hadi kufika lita 10. Peroksaidi iko humo kuua mbegu za bakteria, yaani umbo lao gumu la kujihifadhi, zilizoingia kwenye mchanganyiko wenyewe, si kusafisha mikono yenu. Gliserini inalinda ngozi. Dumu hukaa saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi imalize kazi yake. Kipimo cha alkoholi kikionyesha chini ya asilimia 75 au juu ya 85, dumu hilo halitoki famasia. Nanyi wodini mfunge vifuniko: chupa iliyoachwa wazi juani inapoteza alkoholi, na macho hayatatambua.

Kiasi cha kutosha ni kile kinachojaza shimo la kiganja. Kipimo rahisi ni muda wa kukauka: mikono ikikauka ndani ya sekunde 10, umechukua kidogo mno, ongeza. Anza na ncha za vidole kwenye kiganja cha pili, maana ndizo zinazogusa kanula na kidonda. Kisha viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, na mwisho dole gumba kwa kulizungusha ndani ya kiganja. Mtu akipaka rangi ya mazoezi inayong'aa chini ya taa maalumu, sehemu zinazobaki giza kwa kawaida ni dole gumba, ncha za vidole na mgongo wa mkono unaotumia zaidi.

Sasa masharti. Alkoholi haipenyi kinyesi, damu iliyoganda wala mafuta mazito. Bakteria waliofunikwa humo wanabaki hai. Haiui mbegu za klostridia difisile, bakteria anayeleta kuhara baada ya dawa za antibiotiki. Mbegu hizo zinang'olewa kwa sabuni na maji tu. Virusi visivyo na utando wa mafuta, kama norovirusi, navyo vinaivumilia zaidi. Kwa hiyo ukishamhudumia mgonjwa anayehara, nenda ukanawe sinkini, hata kama glovu zilikuwa safi.

Msitumie zote mbili kwa kufuatana, sabuni kisha alkoholi papo hapo. Mkono mbichi unaichanganya alkoholi na maji ikapoteza nguvu, na ngozi inapata adhabu maradufu.

Maandalizi ya upasuaji: hapa wakazi nao wanahesabika

Kwenye chumba cha upasuaji swali linabadilika. Glovu tasa inaweza kupata tundu bila mtu kujua, na ndani yake mkono una joto na jasho, hali inayowafaa wakazi kuongezeka. Operesheni ikichukua saa mbili, kilicho chini ya glovu si kilekile cha mwanzo. Tundu likitokea saa hiyo, stafilokokasi epidemidisi anaingia kwenye jeraha, na kama kuna chuma au kiungo bandia ndani, atajishikiza juu yake na kujenga utando unaozuia dawa kumfikia.

Hivyo hapa tunataka vitu viwili: wapita njia waondoke, na wakazi wapungue na wachelewe kurudi. Klorheksidini ya asilimia 4 inasaidia kwa sababu inashikamana na ngozi na kuendelea kufanya kazi baada ya kusuuza. Alkoholi ya upasuaji haishikamani hivyo, lakini inawapunguza wakazi sana mwanzoni kiasi kwamba wanachukua muda kurudi. Povidoni ayodini inafanya kazi pia, ila athari yake haidumu kama ya klorheksidini. Ninashauri chaguo la alkoholi pale ambapo maji ya bomba hayaaminiki, maana kusuuza klorheksidini kwa maji machafu kunarudisha wapita njia kwenye mkono uliokwisha andaliwa. Kabla ya alkoholi mikono iwe safi na mikavu, na iache ikauke yenyewe kabla ya kuvaa glovu au kukaribia mashine ya kuchoma mishipa, kwa kuwa mvuke wake unawaka moto.

Burashi ngumu iacheni. Inachubua ngozi, na ngozi iliyochubuka inatoa magamba na bakteria wengi zaidi. Chini ya kucha tumia kijiti laini, mara moja, mwanzoni.

Zamu moja kwenye wodi ya watoto wachanga

Tuuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mtoto wa kitanda A amejisaidia na anahitaji nepi. Mtoto wa kitanda B ni njiti, na saa yake ya kupewa dawa kwenye kanula imefika.

Kabla ya kumgusa A unatumia alkoholi, kwa sababu mikono yako ni safi kwa macho na unaondoa tu ulichotoka nacho mlangoni. Unavaa glovu, unabadilisha nepi, unavua glovu. Wakati wa kuvua, ngozi ya kifundo huguswa kirahisi na upande wa nje wa glovu, kwa hiyo mikono haihesabiki kuwa safi. Kama hakuna uchafu unaoonekana wala kunata, na mtoto haharishi, alkoholi inatosha. Klebsiela na E. koli za kinyesi hazina mbegu, zinakufa. Kama kinyesi kimepita kwenye kifundo, nenda sinkini.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Umenawa vizuri kwa dakika nzima, ukafunga kifuniko cha pipa, ukavuta pazia, ukafungua faili la B, ukaweka simu mfukoni. Kule kunawa kulimaliza kazi ya A, na hakumlindi B. Mkono umeshaokota wapita njia wengine. Unahitaji alkoholi tena kabla ya kumgusa B, na tena baada ya kuandaa dawa, mara tu kabla ya kuunganisha sirinji. Nafasi hizi ni kati ya nyakati tano za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka.

Wakati wa kuunganisha, wapita njia wamepungua sana lakini wakazi wako wako palepale. Kwa hao dawa ni kutogusa. Sugua mdomo wa kanula kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 15, uache ukauke, na unganisha bila kidole kugusa ncha ya sirinji wala mdomo wenyewe. Ukigusa kwa bahati mbaya, tupa sirinji hiyo uchukue nyingine.

Majibu ya maabara yatawaambia ni kundi gani lililopenya. Damu ya watoto wawili wa wodi moja ikiota Klebsiela, tafuteni njia ya wapita njia: mikono, chupa ya dripu inayotumiwa kwa watoto wengi, sinki, sabuni iliyoongezwaongezwa. Ikiota stafilokokasi epidemidisi kwenye chupa moja kati ya mbili, na mtoto yuko vizuri, inawezekana ni mkazi aliyeingia wakati wa kuchukua damu. Akiota kwenye chupa zote mbili na mtoto ana homa au amepoa mwili na hanyonyi, tazameni kanula, na mwiteni daktari bila kungoja.

Kucha, pete na ngozi inayopasuka

Chini ya kucha kuna bakteria wengi kuliko sehemu nyingine ya mkono, na hakuna njia kati ya hizi tatu inayowafikia vizuri. Kucha ziwe chini ya nusu sentimita, na kucha za kubandika zisiingie wodini. Chini ya pete nako bakteria huwa wengi. Mnaofanya kazi na watoto njiti au upasuaji, pete ibaki nyumbani.

Ngozi iliyopasuka inabadilisha hesabu yote. Stafilokokasi aureasi na hata bakteria wa tumboni, ambao kwenye ngozi nzima wangepita tu, hupata makao kwenye nyufa na kukaa kwa wiki. Hapo mpita njia amekuwa mkazi, na kunawa hakumtoi tena. Dalili ya kwanza ni alkoholi kuchoma. Watu wakihisi hivyo huikimbia na kunawa zaidi kwa sabuni, jambo linaloongeza ukavu; kitakasa chenye gliserini kwa kawaida ndicho kinachoumiza ngozi kidogo kuliko sabuni. Pakeni losheni mwisho wa zamu na kabla ya kulala. Mikono ikitoa maji au usaha, njooni ofisini kwangu kabla ya kuingia zamu, ili mpangiwe kazi isiyo ya kugusa wagonjwa mpaka ngozi ifunge.

Muuguzi wa kinga na udhibiti wa maambukizi